Mashindano ya Kitabu cha Ruthu kwa vijana: zamu, kengele au vibao?

Kila likizo kubwa inapokaribia, moniteri wa shule ya jumapili hapa Goma huniuliza swali moja: tupange vipi mashindano ya Biblia ya vijana, yaani konkuru, ili mshindi awe kweli aliyesoma? Safari hii nimeulizwa na kikundi chenye timu 6 za vijana 4 kila moja, wenye miaka 12 hadi 16, na wamekwisha kuchagua Kitabu cha Ruthu. Wamechagua vizuri. Ruthu ina sura 4 na aya 85 tu, kwa hiyo kijana anaweza kuisoma yote mara tano au sita katika mwezi mmoja hata kama nyumbani Biblia ni moja na taa inazimika mapema. Lakini ufupi huo una shida yake: katika kitabu kifupi timu nyingi zitajua karibu kila kitu, na timu zikikaribiana hivyo, kanuni za pointi ndizo zinazoamua mshindi. Kwa hiyo nitalinganisha njia tatu ambazo nimeziona zikitumika, nikianza na ile iliyozoeleka zaidi.

Njia ya kwanza ni zamu. Kila timu inasomewa swali lake, ikijibu sawasawa inapata pointi 10, ikikosa swali linapita kwa timu inayofuata kwenye benchi, nayo ikijibu inapata 5. Ni njia ya utulivu, wazazi wanaifuata bila shida, na kijana mwenye aibu anapata nafasi yake bila kusukumana na mtu. Kwa watoto wa chini ya miaka 10 ningeitumia bila wasiwasi.

Kwa vijana wanaoshindania kikombe siitaki tena, na sababu yake ni hesabu. Chukua timu 6, kila moja na maswali 8. Timu mbili, tuziite A na B, zinajua kitabu sawasawa: kila moja inajua maswali 6 kati ya 8. Katika maswali yao wenyewe zote zitapata 60. Lakini A imeketi baada ya timu dhaifu inayojua maswali 2 tu kati ya 8. Maswali 6 yanapita kwa A, nayo ikijibu 4 kati ya hayo inaongeza 20. B imeketi baada ya timu yenye nguvu inayokosa maswali 2 tu, tena yale magumu. B ikipata moja inaongeza 5. Mwishoni A ina 80, B ina 65. Vijana wamesoma sawa, wamejua sawa, na tofauti ya pointi 15 imetoka kwenye benchi.

Niliwahi kuketi kwenye juri siku ambayo jambo hili lilitokea mbele ya macho yangu. Timu iliyoshinda ilipokea maswali mengi kuliko zote, na hakuna aliyeona kosa, kwa sababu kila swali lilikuwa limepita kwa haki. Niliporudi nyumbani nikahesabu karatasi ya pointi upya nikiacha maswali yaliyopitishwa, mshindi akabadilika. Sikulala vizuri usiku ule. Kama wewe unayo karatasi ya mwaka jana, fanya hesabu hiyohiyo: futa pointi zote za maswali yaliyopita, uangalie kama mpangilio wa timu unabaki ulivyokuwa.

Zamu ina tatizo la pili: kila timu inapata swali tofauti. Mmoja anaulizwa Naomi na mume wake walitoka mji gani, jibu ambalo hata aliyesoma aya mbili analijua. Anayefuata anaulizwa ni nani waliompa Obedi jina lake, na hapo hata msomaji mzuri hutaja Boazi au Naomi, wakati 4:17 inasema ni wanawake majirani. Bahasha zikichaguliwa kwa bahati nasibu lawama kwa juri inapungua, lakini ugumu wa maswali haulingani hata kidogo. Mkilazimika kubaki na zamu, basi ondoeni kabisa pointi za kupitisha, na katika kila mzunguko wekeni maswali 6 ya aina moja: mzunguko wa majina, mzunguko wa hesabu, mzunguko wa nani alimwambia nani. Hapo itakuwa na afadhali.

Njia ya pili ni kengele. Swali linasomwa kwa wote, anayewahi kupiga ndiye anayejibu. Huko Amerika ya Kaskazini makanisa mengi yamefundisha vijana wao hivi kwa muda mrefu, wakitumia viti vyenye vitambuzi vinavyoonyesha nani ameinuka wa kwanza. Huku kwetu viti hivyo hakuna, na umeme wenyewe hauaminiki, kwa hiyo watu huinua mikono. Timu 6 zikiinua mikono pamoja, juri inaona ile iliyo karibu na macho yake. Ugomvi wote wa kengele ninaoujua ulianzia hapo.

Kinachofanya kengele ifae au isifae ni adhabu ya kukosea. Bila adhabu, kijana anapiga kwenye neno la tatu, kwa sababu kukisia hakumgharimu kitu. Mkiweka 10 kwa jibu sahihi na kupunguza 5 kwa kosa, kukisia kunalipa tu kama kijana anajua walau mara moja katika tatu. Mkipunguza 10 kamili, inambidi awe na uhakika wa nusu au zaidi, na hapo timu za wanyenyekevu zinakaa kimya hata kwa maswali wanayoyajua. Mimi naweka 5. Mtaijua adhabu isiyofaa kwa kuangalia maswali 20 ya mazoezi: kama mengi yanajibiwa vibaya kabla hayajasomwa yote, adhabu ni ndogo, kama maswali ya wazi yanapita bila mtu kupiga, adhabu inawatisha.

Kengele pia inabadilisha namna ya kuandika swali, na hilo wengi hawalifikirii. Katika Ruthu shayiri inapimwa mara mbili. Katika 2:17 Ruthu anapura alichookota na kupata kama efa moja. Katika 3:15 Boazi anampimia vipimo sita. Ukiandika "Ruthu alipata shayiri kiasi gani siku alipookota shambani mwa Boazi?" kijana atapiga kwenye neno "gani" na atakisia kati ya mawili. Hapo amejaribu bahati, hakujaribu kumbukumbu yake. Andika hivi: "Jioni ya siku ya kwanza ya kuokota, Ruthu alipura na kupata shayiri kiasi gani?" Sasa anayejua anaweza kupiga baada ya "alipura" akiwa na haki ya kufanya hivyo, kwa sababu neno linalotofautisha limetangulia. Na kanuni iandikwe mapema: msomaji ananyamaza palepale kengele inapolia, jibu linapimwa kwa swali zima lililo kwenye karatasi, na likiwa kosa wengine wanasomewa swali lote tangu mwanzo.

Kwa timu mbili tu kengele ni nzuri sana. Ugomvi wa mikono unaisha kwa njia rahisi: meza moja katikati, kitambaa kilichokunjwa juu yake, kijana mmoja kila upande akiweka mikono nyuma ya mgongo. Anayekinyakua kitambaa ndiye anayejibu, na ukumbi mzima umeona. Tena kwa timu mbili adhabu ya 5 ni nzito kuliko inavyoonekana, maana ukikosa unapoteza 5 na mwenzako anasomewa swali zima kwa utulivu ili achukue 10. Pengo ni 15 kwa kukurupuka mara moja. Vijana wanalielewa hilo baada ya swali la pili, wanaanza kusikiliza.

Njia ya tatu, na ndiyo ninayowashauri kwa sehemu kubwa ya siku, ni vibao. Kila timu ina kibao cha chaki kama cha wanafunzi wa shule ya msingi, au kipande cha katoni na kalamu nene. Swali moja linasomwa kwa timu zote mara mbili, zinapewa sekunde 30, kisha vibao vinainuliwa kwa pamoja. Kila aliyeandika sawa anapata pointi zake. Hakuna kupitisha, hakuna kuwahi, hakuna adhabu.

Linganisha sasa na zamu. Kwa zamu timu 6 zinatumia maswali 48 na kila timu imejaribiwa kwa 8. Kwa vibao mnatumia maswali 40 na kila timu imejaribiwa kwa yote 40. Kwa kusoma, kuandika, kuinua na kuandika pointi, swali moja linachukua kama dakika moja na nusu, kwa hiyo saa moja inatosha, na vijana wanaotoka mbali wanarudi kwa moto kabla ya giza. Mvua ikianza kupiga mabati msisitishe shughuli: andikeni maswali kwa herufi kubwa kwenye karatasi na mtu mmoja aonyeshe mbele ya kila benchi. Kwa kengele mvua ingekuwa imemaliza kila kitu.

| | Zamu | Kengele | Vibao |
|---|---|---|---|
| Maswali ambayo kila timu inajaribiwa | 8 kati ya 48 | yale inayowahi | yote 40 |
| Kinachoweza kumpa asiyestahili | mahali alipoketi | mkono mwepesi | kumtegemea mwenzake mmoja |
| Inafaa zaidi | watoto wadogo | fainali ya timu mbili | raundi ya kwanza |

Mstari wa katikati, upande wa vibao, ndio udhaifu wa kweli wa njia hii. Kijana mmoja mwenye kichwa anaweza kuandika kila kitu na wenzake watatu wakawa wasindikizaji. Dawa ninayotumia ni kumpa kila mwanatimu maswali 10 ya kuandika. Katika maswali 6 ya kwanza ya kila kundi wanaruhusiwa kunong'onezana, katika 4 ya mwisho mwandishi yuko peke yake. Geuzeni mabenchi pia, timu zisikae zikiona vibao vya wenzao.

Udhaifu mwingine ni maandishi. Vijana wetu wanasoma shuleni kwa Kifaransa na kanisani kwa Kiswahili, na majina yanabadilika. Baba ya Daudi ni Yese katika Biblia ya Kiswahili na Isai katika tafsiri ya Kifaransa ya Segond. Maloni na Kilioni huko wanaitwa Machlon na Kiljon. Kanuni yangu: jina linakubaliwa kwa namna yoyote ya lugha hizo mbili, hata kwa herufi zilizokosewa, mradi likisomwa kwa sauti litambulike na lisiwe jina la mtu mwingine. Isai inapita. Isaya haipiti, huyo ni nabii. Vipimo navyo vinahitaji tahadhari, maana tafsiri za lugha ya leo mara nyingi hugeuza efa kuwa kilo. Tangazeni siku ile mnapotangaza kitabu ni tafsiri gani itakayotumika kwa hesabu na kwa maswali ya kumalizia aya, na iwe moja tu.

Sasa maswali yenyewe. Sura za Ruthu zina aya 22, 23, 18 na 22, kwa hiyo maswali 40 yanagawanyika 10, 11, 9 na 10. Msipofanya hesabu hii mtajikuta sura ya kwanza imekula nusu ya maswali, kwa sababu kila mwandishi wa maswali huanza na nguvu na kuchoka njiani. Na katika 4:18-22, orodha ya kutoka Peresi hadi Daudi, msitoe zaidi ya maswali mawili, la sivyo mnapima kukariri majina.

Maswali 30 yawe ya moja kwa moja kwa pointi 10, na 10 yawe ya kuunganisha sehemu mbili za kitabu kwa pointi 20. Jumla 500. Nimeona wengine wakiyapa maswali magumu pointi 50, na mashindano yote yakaamuliwa na maswali matatu ya mwisho. Mara mbili ya swali la kawaida inatosha.

Maswali ya kuunganisha ndiyo yanayomtambua aliyesoma kitabu na aliyesoma muhtasari wa moniteri. Mfano: "Orpa alikuwa mke wa nani?" Sura ya kwanza inasema wana wawili wa Naomi walioa Orpa na Ruthu bila kusema nani alioa yupi. Ni 4:10 tu, Boazi anapomtaja Ruthu kuwa mjane wa Maloni, inayotuonyesha kwamba Orpa alikuwa wa Kilioni. Mfano wa pili: "Naomi alirudi Bethlehemu akisema amerudi bila kitu. Ni wapi tena kitabu kinazungumza juu ya kutokwenda bila kitu, na ni nani anayesema?" Jibu ni 3:17, Ruthu akimweleza Naomi maneno ya Boazi alipompa shayiri. Hapo juri ikubali "Boazi" na pia "Ruthu akinukuu Boazi", na ukubali huo uandikwe kwenye karatasi ya majibu kabla ya siku. Mfano wa tatu ni mzuri kwa kumalizia: "Taja mambo mawili ambayo msimulizi anasema BWANA mwenyewe aliyafanya." La kwanza ni 1:6, amewajilia watu wake na kuwapa chakula. La pili ni 4:13, amemjalia Ruthu kuchukua mimba. Wahusika wanamtaja BWANA mara nyingi katika kitabu hiki, lakini msimulizi mwenyewe anamwonyesha akitenda katika aya hizo mbili. Kijana anayepata jibu hilo amekielewa kitabu.

Swali bovu mtalijua hivi: mpe mtu mzima asiyehusika pamoja na Biblia iliyofunguliwa, umwombe atafute jibu la pili lililo sahihi. Katika Ruthu mitego ni mingi. "Mume wa Ruthu aliitwa nani?" ina majibu mawili, Maloni na Boazi. "Ruthu alikaa Moabu miaka mingapi?" haina jibu, kwani Ruthu ni mzaliwa wa Moabu na miaka kama 10 ya 1:4 ni ya jamaa ya Naomi baada ya wana kuoa. Maswali haya mawili nimeyakuta kwenye seti zilizokuwa tayari kupigwa chapa.

Hata mkipitia kwa makini moja litaponyoka, kwa hiyo kuweni na kanuni ya malalamiko. Anayelalamika ni kapteni peke yake, kabla ya swali linalofuata kuanza kusomwa, akiwa na sura na aya. Chukulia swali la mume wa Ruthu limesomwa. Timu nne zimeandika Boazi, mbili Maloni, karatasi ya juri inasema Boazi. Kapteni anasimama: "Prezida wa juri, 4:10 inasema Maloni." Juri inafungua, inasoma, inaona kwamba ni kweli. Wengine hapo hukubali majibu yote mawili, na kwenye vibao hilo ni sawa kabisa kwa sababu kila timu imekwisha kuandika. Kwenye kengele si sawa, kwa sababu timu iliyonyamaza pengine ilisita kwa kuona majibu mawili. Huko swali linafutwa na kuletwa jingine la akiba kutoka sura ileile. Andaeni ya akiba 8, mawili kwa kila sura, kwenye bahasha yao iliyofungwa.

Baada ya vibao timu mbili za juu zinaingia fainali ya kitambaa, maswali 12, yote ya moja kwa moja, 10 na kupunguza 5. Pointi za vibao zisibebwe kuingia fainali kama zilivyo, maana timu yenye 460 dhidi ya 380 imekwisha kushinda na ukumbi utaondoka. Ila kuifuta kazi ya saa nzima nako si haki. Ninachofanya ni kuipa timu iliyoongoza pointi 10 za kuanzia, yaani swali moja. Zikilingana mwishoni, anashinda aliyepata maswali mengi zaidi ya kuunganisha kwenye vibao. Zikilingana hata hapo, linatolewa swali la akiba kwa vibao, moja baada ya jingine, hadi mmoja apate na mwingine akose. Karatasi ya pointi ibandikwe mlangoni jioni hiyohiyo, swali kwa swali, ili kila kapteni aweze kuhesabu mwenyewe.